Picha ya ubao wa ndege: utumie kamera ya kutafsiri, unakili maandishi, au umtumie ndugu?

Abiria anayeunganisha ndege katika uwanja ambao hajui lugha yake huwa na maswali machache tu kwa ubao: ndege yangu ni ipi kwenye orodha, naenda lango gani, na nimebakiwa na muda gani. Majibu yote yako pale juu, kwenye mstari mmoja. Kinachomkwamisha ni safu ya mwisho, ile ya hali ya ndege, iliyojaa maneno kama DELAYED, LAST CALL na GATE CLOSED. Basi anatoa simu na kupiga picha, na hapo ana njia tatu. Anaweza kufungua programu ya kutafsiri kwa kamera na kusoma Kiswahili kikijichora juu ya ubao wenyewe. Anaweza kupiga picha, akanakili maandishi yaliyomo na kuyatafsiri. Au anaweza kumtumia picha ndugu anayejua Kiingereza, naye amjibu.

Nimezitumia zote tatu, kwa safari zangu na kwa kuwasomea wengine mbao zao wakiwa njiani, na nazipima kwa mizani moja: baada ya kutafsiri, saa imebaki vilevile ilivyoandikwa ubaoni? Na bado iko kwenye mstari wa ndege ileile? Neno la hali likitafsiriwa vibaya, msomaji wa Kiswahili hushtuka kwamba hapa pana kasoro. Saa ikibadilika haimshtui mtu. Inaonekana sahihi kabisa mpaka afike langoni akute mlango umefungwa.

Tuchukue ubao mmoja wa mfano tuupitishe kwenye njia zote. Herufi za namba za ndege nimezibuni. Saa ya ukutani, iliyo juu ya ubao, inasoma 14:52.

```
TIME   FLIGHT  TO        GATE  REMARKS
14:55  ZZ 318  Istanbul  B6    GATE CLOSED
15:10  ZZ 417  London    B8    LAST CALL
15:40  ZZ 652  Paris     B12   DELAYED 16:25
15:40  ZZ 690  Mumbai    B2    GO TO GATE
16:05  ZZ 704  Lagos           ON TIME
```

Abiria wetu ni mama mtu mzima anayekwenda Mumbai kwa ZZ 690. Kabla ya kutafsiri chochote, yapo mawili ya kuelewa kuhusu ubao huu. La kwanza, saa iliyo kwenye safu ya kushoto ni saa ya ndege kuondoka kwa mujibu wa ratiba. Kupanda huanza mapema zaidi, na lango kwa kawaida hufungwa dakika 10 hadi 20 kabla ya saa hiyo. Ndiyo maana Istanbul imeshaandikiwa GATE CLOSED saa 14:52 wakati ndege yenyewe inaondoka 14:55. La pili, ndege ikichelewa, saa ya ratiba haifutwi. Mstari wa Paris unaendelea kusoma 15:40 upande wa kushoto, na saa mpya, 16:25, inakaa upande wa kulia pamoja na DELAYED. Viwanja vingine huiwekea safu yake. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba saa mbili, na zote mbili ni za kweli. Anayetafsiri akiona saa mbili asidhani moja ni makosa akaiondoa.

Kamera inayotafsiri papo hapo

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Unainua simu, na maneno yanageuka mbele ya macho yako. Teknolojia hii ilipata umaarufu kupitia programu ya Word Lens, ambayo Google iliinunua mwaka 2014 na mwaka uliofuata ikaiingiza kwenye Google Translate. Kwa kibao cha choo, cha njia ya kutokea au cha dawati la uhamisho wa mizigo, sijaona kitu bora zaidi.

Ubao wa ndege ni kazi nyingine. Programu haigusi safu ya hali peke yake. Inafuta maandishi yote inayoyaona na kuchora mengine mahali pake, zikiwamo saa na namba. Kisha Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza cha ubaoni. ON TIME inakaa kwenye nafasi finyu, lakini “inaondoka kwa wakati” inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo herufi zinapunguzwa au zinamwagikia jirani. Na kwa kuwa ubao huwa juu na wewe uko chini pembeni, mistari inaonekana imeinama. Hapo maneno ya mstari mmoja hushikamana na mstari wa chini yake.

Rudi kwenye mfano wetu. Paris na Mumbai zote zina 15:40, tena zimefuatana. Mistari ikishuka hatua moja tu, “Imechelewa 16:25” inatua mbele ya Mumbai. Mama anaona saa yake 15:40 ni sahihi, jina la mji ni sahihi, na habari kwamba ndege imechelewa. Anatulia kwenye kiti. Lango la B2 linafungwa mnamo 15:25, saa nzima kabla ya ile 16:25 anayoingoja yeye.

Maneno yenyewe nayo yana mitego yake. Neno likisomwa bila muktadha, CALL huenda likawa “simu”, na LAST CALL ikawa “simu ya mwisho”. BOARDING huenda ikawa “bweni”, kama ya shule. Haya yanachekesha lakini hayapotezi mtu, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba ndege yake iko bweni. Kibaya zaidi ni CANCELLED kutafsiriwa “imeahirishwa”. Hilo ni Kiswahili safi, na abiria atakaa kusubiri saa mpya ya safari ambayo imefutwa.

Ukiamua kutumia kamera, simama katikati, uso kwa uso na ubao, na usogeze picha mpaka mstari wako ujae skrini ukiwa peke yake. Soma neno la hali tu kwenye simu. Saa, namba ya ndege na lango vitazame kwa macho ubaoni, maana hivyo havihitaji tafsiri.

Kupiga picha na kunakili maandishi

Njia ya pili inachukua dakika moja au mbili zaidi. Unapiga picha, unabonyeza maandishi yaliyo ndani yake mpaka simu iyatambue, kisha unayanakili. Ninachokipenda hapa ni kwamba una uhuru wa kuchagua. Unaweza kunakili LAST CALL peke yake na kuipeleka kwenye kitafsiri, na saa ikabaki kwenye picha bila kuguswa na mtu. Kitafsiri hakiwezi kubadili saa ambayo hukukipa.

Watu wengi hawafanyi hivyo. Wananakili ubao mzima, na hapo safu zinavurugika. Simu ikikutana na jedwali inaweza kusoma kwa kushuka: saa zote kwanza, halafu namba zote za ndege, halafu miji, malango, na mwisho hali. Ukitaka kujua lango la Mumbai inabidi uhesabu: Mumbai ni mji wa nne, basi lango lake ni la nne. Hesabu hiyo inakubali mpaka pale penye nafasi tupu. Kwenye mfano wetu Lagos haina lango bado, kwa hiyo kuna miji mitano na malango manne. Nafasi hiyo iko mwisho, haimwathiri Mama. Ingekuwa London ndiyo isiyo na lango, kila kitu chini yake kingepanda hatua moja: lango la nne lisingekuwepo kabisa, Mumbai ingebaki bila lango, na B2 yake ingeonekana ni ya Paris.

Dawa yake ni kukata picha kabla ya kunakili. Bakiza mstari wako peke yake, na ikiwezekana kichwa cha jedwali. Mstari mmoja hauna wa kuchanganyika naye.

Makosa ya kusoma tarakimu yapo pia. 8 na B hufanana, hivyo B8 inaweza kutoka 88. 0 na O hivyohivyo, na 1 na I. Nukta mbili za saa hupotea, 15:40 ikawa 1540, na sasa inafanana na namba ya ndege. Usisahau kwamba herufi mbili za mwanzo wa namba ya ndege zinaweza kuwa na tarakimu ndani yake. IndiGo ya India, kwa mfano, ni 6E. Ukiona tarakimu hapo mwanzo usiifute ukidhani simu imekosea.

Kuna njia mbili rahisi za kugundua saa iliyosomwa vibaya. Dakika hazizidi 59 na saa haizidi 23, kwa hiyo 15:70 ni kosa bila mjadala. Ya pili watu wengi huisahau: ubao wa kuondoka hupangwa kwa saa za ratiba, kutoka ya mapema hadi ya baadaye. Ukikuta 13:40 kati ya 15:10 na 15:40, jua 5 imesomwa kuwa 3. Rudi kwenye picha, ikuze, uangalie.

Ubora wa picha ndio unaoamua haya yote. Mbao za taa ndogo hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona, na picha hutoka na mistari myeusi inayokata tarakimu katikati. Piga picha tatu mfululizo, na kwa kawaida moja itakuwa nzima. Pia mbao nyingi hubadilisha kurasa na lugha kila baada ya sekunde chache. Ngoja ukurasa wenye ndege yako utulie ndipo upige. Na ndege moja inaweza kuandikwa kwa namba za mashirika mawili au zaidi yanayoshirikiana, zinazopokezana kwenye nafasi moja. Usipoiona namba yako, angalia mji na saa, halafu subiri izunguke.

Kumtumia ndugu

Binadamu anajua LAST CALL ni nini. Ataandika “wito wa mwisho, kimbia”, na hilo neno la pili halimo kwenye programu yoyote. Anaweza pia kuona kwamba Mama ameshika mstari usio wake. Kwa mtu mzima ambaye simu inamchanganya, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, lakini ina kasoro mbili kubwa.

Ya kwanza ni umri wa picha. Mtandao wa uwanja ni mzito, picha inachukua dakika kadhaa kufika, ndugu yuko kwenye shughuli zake, na anapojibu ubao umeshabadilika. GO TO GATE ya 14:52 huenda ni LAST CALL sasa. Saa inayoonekana kando ya ujumbe haisaidii, kwa sababu WhatsApp humwonyesha kila mtu saa ya simu yake mwenyewe, na mpokeaji huenda yuko kwenye majira mengine. Hata simu ya msafiri huenda bado inafuata saa ya alikotoka, ikiwa haijashika mtandao tangu atue. Saa pekee ya kuaminika ni ile ya ubaoni. Iwemo kwenye picha. Na picha itumwe kwa HD au kama hati, maana WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida, na tarakimu ndogo za 3, 6 na 8 ndizo huumia kwanza.

Kasoro ya pili inatuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Ndugu mwema akiona 15:40 atamwandikia Mama kama anavyozungumza naye: “Ndege yako ni saa kumi kasoro dakika ishirini.” Ni sahihi kabisa. Lakini Mama sasa anatafuta ubaoni kitu chenye kumi, wakati pameandikwa 15:40. Akiandikiwa kwa tarakimu, “9:40”, ni hatari zaidi, kwa kuwa ubao unaweza kweli kuwa na 09:40, ya ndege ya kesho asubuhi. Programu nazo huanguka hapohapo kwenye viwanja vinavyotumia saa 12 badala ya 24, kama vya Marekani. 7:15 AM inaweza kurudi kama “7:15 asubuhi”, na msomaji wetu akabaki anajiuliza kama ni saa saba na robo au saa moja na robo. Inaweza pia kurudi ikiwa imeshageuzwa kuwa “saa 1:15 asubuhi”. Kwa kuwa hakuna alama inayoonyesha imefanya lipi, huwezi kujua kama utoe saa sita au usitoe.

Kwa hiyo saa inabaki kwa tarakimu zilezile za ubaoni, herufi kwa herufi, hata AM na PM zake. Ukitaka kumsaidia mtu kwa saa ya Kiswahili, iandike kwa maneno pembeni, kamwe si kwa tarakimu. Na kati ya “saa kumi kasoro dakika ishirini” na “saa tisa na dakika arobaini”, chagua ya pili: arobaini yake inaonekana ubaoni, na Mama ana kitu cha kukishika kwa macho. Jibu zuri kwa picha yetu linakuwa hivi:

“Shikamoo Mama. Ndege yako ni ZZ 690 Mumbai. Ubaoni imeandikwa 15:40, yaani saa tisa na dakika arobaini alasiri. Lango B2. Hali yake: nenda langoni sasa. Iliyochelewa ni ya Paris, si yako. Nimesoma picha ambayo saa ya ubao ni 14:52.”

“Marahaba mwanangu. B2 nimeiona, nakwenda.”

Saa za usiku wa manane zinataka neno la ziada. Ubao mara nyingi hauonyeshi tarehe. 00:40 ya Jumanne ni dakika arobaini baada ya Jumatatu kwisha, na mtu akiandikiwa “Jumanne usiku” atafika karibu siku nzima akiwa amechelewa. Andika “00:40, usiku wa kuamkia Jumanne”.

Ipi uchague

Ukiwa na chini ya saa moja kabla ya ndege, usimngoje mtu. Soma saa na lango kwa macho, na kamera itumie kwa neno la hali tu. Ukiwa na muda zaidi na simu unaimudu, kata picha ibaki na mstari mmoja na unakili neno la hali. Kwangu hii ndiyo bora, kwa sababu saa haipiti kwenye kitafsiri hata mara moja. Ndugu ni kwa ajili ya asiyeweza kufanya hayo, au kwa jambo linalotaka uamuzi, kama CANCELLED.

Kuna njia ya kuepuka kitafsiri kabisa, na inafanya kazi bila mtandao. Maneno ya hali yanayomhusu anayeunganisha ndege ni machache, yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa simu, na unaweza kuyaandika kabla ya kuondoka nyumbani. ON TIME, kwa wakati wake. DELAYED, imechelewa. ESTIMATED, inatarajiwa saa hiyo. GO TO GATE, nenda langoni. BOARDING, abiria wanapanda. LAST CALL au FINAL CALL, wito wa mwisho. GATE CLOSING, lango linafungwa. GATE CLOSED, lango limefungwa. Hapa kuwa makini na Kiswahili chako, maana kati ya “linafungwa” na “limefungwa” pana tofauti ya kukimbia na kwenda dawati la shirika kuomba ndege nyingine. DEPARTED, imeondoka. CANCELLED, imefutwa.

Kwa njia yoyote utakayoshika, DELAYED isiyo na saa mpya pembeni yake ishughulikie peke yake. Tafsiri yake kamili ni “imechelewa, saa mpya haijatajwa”, na usijaze pengo hilo kwa kukisia. Usihame mbali na lango lililoandikwa, na piga picha nyingine kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, ukifuta ile ya zamani ili usije ukaisoma kwa makosa. Saa mpya ikitokea, nayo si ya mwisho. Inaweza kusogezwa mbele zaidi, na ikitokea hitilafu imemalizwa mapema, inaweza hata kurudishwa nyuma.